Riwaya ya Vijana Niliyoihamisha Kutoka Kidato cha Pili

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika Uganda mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, na kuanzia kidato cha tatu huwa ni la kuchagua. Kwa mwalimu anayetafuta kitabu cha kusoma na darasa zima, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Katika kidato cha pili wote wamo: anayekipenda Kiswahili na asiyekipenda, mwenye miaka 13 na mwenye 17, kwa kuwa shule zilifungwa kwa muda mrefu kati ya Machi 2020 na Januari 2022 na waliorudi hawakurudi wakiwa na umri mmoja. Wamo pia wasichana waliorudi wakiwa mama, kama miongozo ya wizara inavyowaruhusu. Kitabu nitakachokichagua hakuna kati yao mwenye njia ya kukikwepa, kwa sababu kitasomwa kwa sauti, mbele ya wenzake, nakala moja kwa wanafunzi watatu.

Nafundisha Busia, mjini mpakani, ambako sokoni Kiswahili husikika asubuhi hadi jioni na ambako ni rahisi kuvuka na kurudi na katoni ya vitabu kutoka upande wa Kenya. Ndivyo ilivyonifikia riwaya ninayotaka kuizungumzia. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mwandishi wake ana kipaji, na lawama yangu kubwa inahusu sura mbili tu za mwisho. Ni kitabu chembamba, kisichofika kurasa 150, kilichoandikwa kwa ajili ya vijana. Msichana wa miaka 14 amefiwa na baba. Mama yake anauza nguo za mitumba. Baba mdogo, ndugu wa marehemu, anajitolea kumlipia karo, kisha taratibu anaanza kudai malipo yake kwa msichana mwenyewe. Sura za mwanzo zinachekesha kweli. Maneno ya wanawake sokoni yameandikwa na mtu aliyekaa nao, na mazungumzo ya wanafunzi bwenini hayana ule ukavu wa vitabu vya shule ambao huwafanya wanafunzi wangu wapige miayo kabla ya ukurasa wa pili.

Mkuu wa idara alikisoma kabla yangu na kunirudishia kikiwa na kipande cha karatasi kwenye ukurasa mmoja tu, ule ambao baba mdogo anaingia chumbani. Aliniambia, "Madamu, ukurasa huu tuubane kwa stepla, kitabu kingine chote kiko salama." Yeye si mtu wa mzaha. Kuna shule zinazofanya hivyo hasa, na matokeo yake kila mwalimu wa zamu ya jioni anayajua: kurasa zilizobanwa ndizo za kwanza kubanduliwa, husomwa peke yake bila kilichotangulia wala kinachofuata, na mwanafunzi hubaki na kitendo kisicho na chanzo wala matokeo.

Mimi nilianza na lugha, ingawa hakuna aliyeniuliza kuhusu lugha. Riwaya hii iliandikwa kwa watoto wa miaka 13 au 14 ambao wamekuwa wakisoma Kiswahili tangu darasa la kwanza. Wanafunzi wangu wengi huzungumza Kisamia au Kiteso nyumbani, wanasomeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili walichonacho ni cha kununua nyanya na kupanda boda boda. Watafiti wa usomaji katika lugha za kigeni wamekuwa wakisema kwamba, ili mtu asome mwenyewe bila kukwama, anahitaji kuyajua maneno yapatayo 98 katika kila 100 ya matini, na kwamba akiwa na msaada wa mwalimu 95 yanaweza kumtosha. Nilinakili aya moja isiyo na madhara, yenye maneno karibu 100, nikawapa wanafunzi wachache wa viwango tofauti wapige mstari chini ya kila neno wasilolielewa. Aliye bora kati yao alipiga mistari saba. Wengine walipita kumi na tano. Kwa kipimo hicho peke yake, kitabu kilikuwa cha kidato cha tatu kwenda juu, hata kama mhusika wake mkuu ni rika la kidato cha pili.

Hapo ndipo mambo mawili ambayo sisi walimu huyapima mbalimbali yalipogusana. Mwandishi, kwa adabu ya Kiswahili, ameyafunika matukio mazito kwa lugha ya mafumbo. Tukio la chumbani linasimuliwa kwa kivuli cha mtu ukutani, taa inayozimwa, mlango, na asubuhi yake kwa msichana asiyetaka kuoga wala kutooga. Msomaji aliyelelewa katika lugha hii anaelewa papo hapo na anashukuru kwamba hakuonyeshwa zaidi. Lakini nilipompa sura hiyo mwalimu mwenzetu kijana wa Jiografia, ambaye Kiswahili chake ni cha chuoni, nikamwomba anieleze kilichotokea, alisema baba mdogo alimpiga yule msichana kwa sababu ya kuchelewa kurudi, kisha mama akakasirika bila sababu ya kutosha. Yeye ni mtu mzima mwenye shahada. Sasa fikiria darasa la wanafunzi sitini ambamo kumi wameelewa na wanatazamana, thelathini wanadhani ni habari ya kuchapwa, na waliosalia wananyoosha mikono kuuliza, kwa nia njema kabisa, maana ya sentensi ambayo kuifafanua ni kusema wazi yale ambayo mwandishi alijitahidi asiyaseme. Pazia linalomlinda msomaji wa Mombasa humwachia mwalimu wa Busia kazi ya kulifunua kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wavulana wanaocheka kwa sababu hawajui wafanye nini kingine.

Baada ya lugha nilirudi kwenye maudhui, na safari hii nilisoma na penseli mkononi. Katika kila tukio zito niliandika pembeni tukio limeonwa na macho ya nani, limechukua nafasi gani, nani amejua baadaye, na aliyejua amefanya nini. Ukurasa alioutia alama mkuu wa idara ulifaulu vizuri kuliko nilivyotarajia. Tukio linachukua chini ya nusu ukurasa, linaonwa na msichana mwenyewe, na hakuna neno hata moja linalomkaribisha msomaji kuufurahia mwili wake. Kisha mwandishi anatumia sura mbili nzima kuonyesha jinsi msichana anavyoacha kujibu maswali darasani, anavyokwepa harufu ya marashi ya mwanamume yule, na anavyohesabu siku. Ile miezi iliyopita kabla ya tukio, ya zawadi ndogondogo na ya siri za "usimwambie mama", imechorwa kwa ustadi ambao ningependa kila mtoto wa miaka 14 ausome mapema, kwa sababu hatari halisi huanza hapo, muda mrefu kabla taa haijazimwa.

Kilichonisimamisha kwa mara ya kwanza kilikuwa sura ambayo msichana, akiwa mjamzito, anajaribu kujiua. Shirika la Afya Duniani huwashauri waandishi wa habari wasieleze kwa undani njia iliyotumika wala mahali, kwa sababu maelezo ya aina hiyo yanaweza kuigwa na mtu aliye katika hali dhaifu. Mwandishi wa riwaya hafungwi na ushauri wa waandishi wa habari, na sisemi kwamba habari ya kujiua isisomwe na vijana. Ila hapa alichotumia msichana kimetajwa kwa jina lake la dukani, mahali kilipohifadhiwa pameelezwa, na ni kitu ambacho kimo katika nyumba nyingi za wakulima wa wilaya yetu. Aya hiyo ingeweza kupunguzwa mistari minne na hadithi isipoteze chochote. Tena, baada ya kuokolewa, hakuna mtu mzima anayekaa na msichana na kumsikiliza. Tunaambiwa tu kwamba alipata nafuu na kwamba mama alilia.

Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa mwisho, ambao hakuna mtu mwingine aliyeutilia shaka. Wazee wa ukoo wanakutana chini ya mwembe, baba mdogo anakiri, anatozwa ng'ombe wanne na mbuzi, anapiga magoti, anasamehewa. Mvua inanyesha baada ya kiangazi kirefu, wanawake wanapiga vigelegele, msichana anajifungua salama na kurudi shuleni, karo ikilipwa na mtu yuleyule.

Nilimwendea mwalimu mlezi wa wasichana, ambaye amekaa katika kazi hiyo miaka mingi na hasemi jambo kwa kupendeza watu. Alisoma sura mbili hizo akiwa kwenye benchi nje ya ofisi yake, akanirudishia.

"Madamu, hapa kwetu ndivyo yanavyomalizwa," alisema. "Mimi nimeyaona. Huyu mwandishi hajasema uongo."

"Najua hajasema uongo, Mama. Ninachouliza ni kama anaona ubaya wake."

"Utajuaje?"

Lilikuwa swali la haki, kwa sababu kuonyesha jambo si kuliunga mkono, na mwalimu asiyeweza kutenganisha hayo mawili atapiga marufuku nusu ya fasihi yetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania kwa sababu ya yale iliyoyaonyesha, na baadaye ikaja kusomwa na kuheshimiwa. Sikutaka kurudia hukumu ya namna ile. Kwa hiyo tulirudi kwenye maandishi tukatafuta ushahidi, na tuliupata katika maneno ya msichana. Tangu mwanzo wa kitabu anasema karibu kila ukurasa. Anabisha, anatania, anauliza, na hata kwenye sura ya hospitali ana sentensi zake. Kuanzia wazee wanapokaa hadi ukurasa wa mwisho, anafungua kinywa mara moja tu, na ni kusema ahsante. Msimulizi halioni jambo hilo. Hakuna mhusika hata mmoja anayeuliza msichana yuko wapi wakati ng'ombe wanahesabiwa, hakuna mwenzake bwenini anayenung'unika, hakuna sentensi yenye uchungu kidogo inayompa msomaji mahali pa kusimama na kukataa. Mvua inaletwa kama baraka. Mwandishi anayepinga jambo huacha ufa mahali fulani ili msomaji achungulie, na hapa tulitafuta ufa tusiuone. Mwalimu mlezi alifunga kitabu na kusema kwamba ana kesi mbili za aina hiyo katika faili lake, na kwamba wazazi wote wanne wangefurahi sana kuona jambo lao limechapishwa kama mwisho mwema.

Kwa sheria ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na linakuwa zito zaidi ikiwa mtendaji ni mlezi wake au mtu mwenye mamlaka juu yake. Si mgogoro wa koo mbili wa kumalizwa kwa mifugo. Miongozo ya wizara ya mwaka 2014 kuhusu ukatili dhidi ya watoto shuleni inamtaka mwalimu atoe taarifa, siyo atunze siri. Nilijiuliza jambo la vitendo kabisa: mtoto aliyemo katika hali hiyo, anayelipiwa karo na mtu wa namna hiyo, atajifunza nini kutokana na kitabu ambacho shule yake imempa kwa mkono wake? Atajifunza kwamba hata wenye hekima huishia pale. Kwake yeye, ukurasa wa chumbani hauna habari mpya, na sura ya mwisho ndiyo inayomwambia asihangaike.

Kabla ya kuamua niliwaeleza wazazi siku ya mkutano wao, na niliwasimulia hadithi yote pamoja na mwisho wake, kwa kuwa nimeona mara nyingi mwalimu akiwasomea wazazi muhtasari wa nyuma ya jalada kisha wiki tatu baadaye anaitwa ofisini. Nilitarajia tukio la ubakaji lizue kelele, hasa kwa vile suala la elimu ya jinsia shuleni limekuwa na mabishano nchini tangu serikali ilipoisimamisha mwaka 2016. Halikuzua. Mzee mmoja alilalamikia ukurasa ambao msichana anamjibu shangazi yake kwa ukali. Mama mmoja aliuliza kwa nini watoto wasome Kiswahili kabisa, lugha ambayo katika utoto wake aliisikia kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na kama kitabu cha kwanza chenyewe kinahusu ukatili basi amethibitisha alichokuwa akikijua. Hoja yake niliichukua kwa uzito kuliko ya mzee. Kwa kizazi chake Uganda lugha hii ina kumbukumbu hiyo, na riwaya ya kwanza nzima ambayo mtoto anaisoma kwa Kiswahili humfundisha pia lugha yenyewe ni ya kusemea nini. Kuhusu ng'ombe wanne, katika ukumbi mzima hakuna aliyesema neno, na ukimya ule ulinieleza zaidi kuliko malalamiko.

Uamuzi wangu ulikuwa kukiondoa kidato cha pili na kukipeleka kidato cha tatu, muhula wa pili. Sababu haikuwa mwaka mmoja wa umri peke yake, maana mwaka mmoja ni kitu kidogo katika darasa lenye watoto wa miaka 13 na 17. Kidato cha tatu kina wanafunzi waliochagua Kiswahili, darasa ni dogo, nakala zinatosha wawili wawili, na lugha yao imefika mahali ambapo pazia la mwandishi linaonekana kuwa pazia na si ukuta. Baraza la Mitihani halitahini kidato cha pili, kwa hiyo hakuna aliyepoteza alama. Kidato cha pili tulisoma hadithi fupi, ambazo zina faida kwamba ikibidi moja irukwe, nyingine zinabaki nzima.

Katika kidato cha tatu sikubana ukurasa wowote, ila nilipanga nani asome nini. Sura ya chumbani niliisoma mimi, kwa sauti ya kawaida, na kabla ya kuanza nilisema kwa sentensi moja iliyo wazi kilichotokea, ili mtu asilazimike kuuliza. Sura ya jaribio la kujiua niliisimulia kwa maneno yangu bila jina la kile kitu, nikijua kwamba kitabu kiko mezani na anayetaka atafungua. Nisingeweza kuzuia hilo, lakini niliweza kuacha kulitangaza. Mwalimu mlezi alijua ratiba yangu tangu wiki iliyotangulia. Niliandika ubaoni namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, na niliwaambia mapema kwamba atakayekuja kunieleza jambo lake nitamsikiliza, ila sitamwahidi siri, kwa sababu nina wajibu wa kulifikisha mbele. Mwanafunzi aliyetaka kukaa maktaba na kazi nyingine katika vipindi hivyo aliruhusiwa bila kuulizwa sababu, na niliweka watu wa kutosha maktabani kwa kazi za kweli za idara ili kwenda huko kusiwe alama ya kitu chochote.

Mkutano wa wazee ndio tuliukalia kwa muda mrefu. Niliwagawa katika vikundi na kuwapa kazi moja: waorodheshe kila aliyesema chini ya mwembe na idadi ya sentensi zake. Walipofika kwa msichana walidhani wamekosea, wakarudia. Kisha waliandika upya sura ile, kila kikundi kikiwa huru kubadilisha jambo moja tu. Kikundi kimoja kilimleta polisi, na kikagundua kwamba sasa mama ndiye atakayelipa karo na hawezi, wakabishana vikali kuhusu hilo hadi kengele ikalia. Kingine kilimwacha kila mtu mahali pake na kumpa msichana aya moja ya kusema, na aya hiyo ilitosha kuifanya ile mvua na vile vigelegele visomeke kama kejeli. Wavulana wawili walitetea mwisho wa mwandishi kwa sababu kwao huko ndivyo ilivyo, na sikuwanyamazisha, kwa kuwa wasichana walikuwa tayari wanawajibu kwa Kiswahili bora kuliko nilichowahi kukisikia kutoka kwao.

Kuna jambo moja ambalo sikulipatia dawa. Nakala hukusanywa kila baada ya kipindi na kurudishwa kwenye sanduku, lakini kitabu kinachochekesha katika sura tano za kwanza hakikai sandukuni, na sasa wanafunzi wa kidato cha pili wanakiazima kwa dada na kaka zao. Mwalimu wa maktaba alitaka kuwanyang'anya. Nilimwomba asifanye hivyo, bali kila anayemwona nacho amuulize amefika ukurasa gani, na akivuka wa sitini anijulishe mimi au mwalimu mlezi siku hiyohiyo.